Mama Alivyokaribisha Mkutano wa Daraja

Majani mabichi ya chai yakishindiliwa kwenye gunia hupata joto. Ukitia mkono katikati unakuta yanafukuta, na harufu yake ni ya majani yaliyokatwa sasa hivi, na nyuma yake kuna kautamu kadogo kama ndizi iliyoanza kuiva. Hiyo ndiyo harufu ya banda la kupimia chai la kijijini kwetu, upande wa Igogwe, nilikozaliwa. Changanya na makoti yaliyolowa, moshi wa jikoni ulioganda kwenye kanga za akina mama, na tope la miguu ya watu wengi, basi umelipata banda lenyewe. Siku hizi naishi Ibighi, mjini Tukuyu, na wajukuu wangu wananunua chai dukani kwenye pakiti. Lakini gari la majani likipita barabarani na upepo ukanijia usoni, mimi nasimama. Nasimama palepale na ndoo yangu mkononi, kwa sababu katika banda lile, mwaka mto ulipobeba daraja letu, nilimsikia mama yangu akikaribisha watu mkutanoni. Hotuba nimesikia nyingi tangu hapo. Za harusi, za kipaimara, za misiba, za wanaotaka kura. Nyingi zimeingia sikio hili zikatokea hili. Ile ya mama bado naijua, naweza kukwambia hata alipumua wapi.

Mvua ya kwetu haiombi ruhusa. Mwaka ule ilinyesha mpaka nguo zilikaukia mwilini, hazikukaukia kambani. Asubuhi moja tulishuka mtoni na mikoba yetu ya shule tukakuta daraja halipo, magogo hayapo, hata mawe ya kingoni yamehamishwa. Maji yalikuwa mekundu, yananguruma kama gari linalopanda mlima. Shule ilikuwa ng'ambo. Hospitali ilikuwa ng'ambo. Mashamba makubwa ya chai walikochuma vijana wa kambi ya vibarua iliyokuwa upande wetu nayo yalikuwa ng'ambo, na wale vijana sasa walilazimika kuzunguka kwa barabara ya juu, mwendo mrefu, wanafika kazini wameshachoka. Sisi watoto wadogo tulikatazwa kabisa kuzunguka. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kusoma kwa sauti bila kukwama. Nilikuwa nasoma kila kitu: maandishi ya gunia, karatasi ya sabuni, jina la kiwanda kwenye bati. Babu yangu mzaa baba, Mzee Gwakisa, alinitazama nimekaa barazani na daftari langu akasema, "Mtoto wa kike akikosa shule atachuma chai. Chai iko huku huku." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Mimi nilisikia mlango unafungwa.

Na huyo babu ndiye aliyekuwa na miti. Kwenye ukingo wa mto, shambani kwake, palisimama mikaratusi miwili mirefu, imenyooka, minene kuliko kukumbatiwa na mtu mmoja. Kila mtu alijua kwamba ukiiangusha ile ukailaza juu ya mto, daraja utakuwa nalo mpaka wajukuu waoe. Pembeni yake palikuwa na kichaka chake cha mianzi, ya kutengenezea vishikio. Lakini wiki ile ile daraja lilipoondoka, vijana wa kambini waliingia wakakata mianzi wajaribu kujifungia kivuko cha haraka. Hawakuomba. Walikata, wakafunga, mto ukabeba na hicho nacho. Babu alipokwenda akakuta visiki vimetapakaa, alirudi akakaa, akasema hakuna mtu wa kugusa mti wake hata kwa kidole. Wazee wenzake wakamuunga mkono. Vijana nao, wengi wao walikuwa watu wa kuja, Wasafwa, Wandali, Wakinga, hawakujua hata Kinyakyusa cha kuombea maji, wakasema wazee wa hapa wana roho ngumu. Basi tukakaa hivyo. Mto katikati, na watu nao wakawa na mto wao.

Mwenyekiti wa kijiji aliita mkutano bandani. Huo wa kwanza ulikufa siku hiyo hiyo ulipozaliwa, na aliyeuua ni yeye mwenyewe kwa karibisho lake. Alisimama na koti lake jeusi akaanza: "Kwa heshima na taadhima, ninayo furaha isiyo na kifani kuwakaribisheni katika hadhara hii adhimu." Wazee walikuwa wameshika fimbo zao wanasubiri kusalimiwa. Hawakusalimiwa. Bibi yangu, aliyekuwa anasikia Kiswahili cha sokoni tu, alinivuta sikio akaniuliza, "Anasema nani amekufa?" Mwenyekiti akaendelea na ngazi zote za uongozi, akaendelea na maendeleo, halafu akawageukia vijana, akawaambia waache uzururaji. Wale walikuwa wametoka kuchuma tangu alfajiri, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Kijana mmoja wa Kikinga, tukimwita Sanga, aliyekuwa kama kiongozi wao, alisimama akasema, "Mzee, mzururaji ana kikapu mgongoni?" Wenzake wakacheka, wazee wakaona wanachekwa wao, babu akanyanyuka, na wazee wote nyuma yake. Daraja halikutajwa hata mara moja. Niliwaona wakitoka kwenda mvuani mmoja mmoja, na mimi nikaona shule yangu inatoka nao.

Hapo ndipo mwenyekiti alipokuja nyumbani kumwomba mama. Si kwamba alikuwa mtu wa vyeo. Mama hakusoma kunishinda mimi, na mimi niliishia darasa la nne. Lakini alikuwa amekulia kwenye kambi ya chai, baba yake akiwa kibarua, na pale kila nyumba ilikuwa na kabila lake, kwa hiyo mtoto alijifunza Kiswahili cha kueleweka na kila mtu au alikaa na njaa. Baada ya kuolewa alikuwa akiuza chakula barabarani, wachumaji wakipita. Wazee walimjua, vijana walikula kwake. Mwenyekiti akakaa kwenye kigoda, akakunja kofia yake, akasema, "Mama Tumpe, mimi nimeshindwa kufungua mlango. Wewe nifungulie tu, ya ndani nitasema mwenyewe."

Mama akasema, "Na baba mkwe atakuwepo?"

"Bila yeye hakuna mkutano."

"Basi umeniomba nitembee juu ya maji."

Wa kizazi cha sasa inabidi niwaeleze. Kwetu sisi mkamwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hapiti mbele yake, hali pamoja naye, na jina lake halitoki mdomoni mwake hata akiwa peke yake shambani. Ilikuwa heshima, na haikuwa na mzaha. Kanisani makasisi walishasema mambo hayo yamepitwa na wakati, na kweli wengine walikuwa wamelegeza, lakini kwa babu hakikulegea kitu. Mama alikuwa akisikia fimbo yake inagonga njiani, ko, ko, ko, anaacha chochote alichoshika anaingia migombani. Nimeona ugali ukiungua kwa sababu ya fimbo ile. Sasa mwanamke huyo asimame mkutanoni awakaribishe wazee. Mzee mkubwa kuliko wote ni baba mkwe wake, mwenye miti ni baba mkwe wake, aliyekasirika ni baba mkwe wake, na yeye ndiye asiyeweza kutajwa na asiyeweza kutazamwa. Usipomtaja umemtukana. Ukimtaja umemtukana zaidi.

Walikaa wakapanga. Kwanza, namna ya kuketi. Mama akasema mabenchi yasiwe yote yanatazama mbele kama kanisani. Wazee wakae upande wa mizani, vijana wakae upande wa mlango, waangaliane, na yeye asimame katikati akiwaelekea vijana, wazee wawe mgongoni kwake. Hivyo hatamwona mtu asiyestahili kumwona. Pili, lile jina. Mama atasalimu wazee wote kwa pamoja, kisha atasema, "Mwenyekiti atutajie mzee wetu," na mwenyekiti atasimama amtaje Mzee Gwakisa kwa heshima zote, halafu mama ataendelea. Mwenyekiti akasema hiyo ni rahisi. Akarudia kusema ni rahisi. Mama akamtazama kama anavyotazama sufuria isiyo na mfuniko.

Halafu mama akaanza kuitengeneza hotuba yake, na hiyo ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Hakuandika. Alikuwa akimenya ndizi mbichi za mbalaga, chakula chetu cha ndizi, na kila ndizi ilikuwa neno lake moja. Hii ni salamu ya wazee, inaingia sufuriani. Hii ni salamu ya vijana. Hii ni asante ya kuja na mvua hii. Hii ni kwa nini tumekuja. Hii ni namna tutakavyozungumza. Hii ni kumkaribisha mwenyekiti. Akiona sufuria inataka kujaa anachukua ndizi moja anairudisha kwenye mkungu. "Karibu si mlo," aliniambia. "Karibu ni kumwonyesha mtu pa kukaa. Ukimsimamisha mlangoni unamwimbia, mvua inampiga." Nilikaa naye nikizishika zile ndizi kwa zamu, nazitaja, na nilifurahi mpaka nikasahau kuwa na wasiwasi.

Bibi alikaa palepale jikoni akisikiliza, na huyo ndiye aliyekuwa mzani wa kwanza. Mama anasema sentensi moja kwa Kiswahili, anamgeukia. Bibi akiitikia, sentensi inabaki. Bibi akikunja uso, inaondoka. Mama alisema "tushirikiane," bibi akakunja uso. Akasema "tufanye kazi pamoja," bibi akasema, "Eeh, hapo sawa." Mama alisema "kikwazo," bibi akauliza ni ugonjwa gani. Likaingia "kinachotuzuia." Kwa upande wa vijana mzani ulikuwa Sanga. Alikuja kununua chakula, mama akamsemea maneno yale yale huku anampakulia. Kulikuwa na sehemu mama alitaka kuweka maneno ya Kinyakyusa, matamu, ya kuwasifu wazee. Sanga akaacha kutafuna. "Mama, hapo umetuacha nje. Sisi tutadhani mnatusengenya." Mama akacheka, akayatoa yote, akaacha neno moja tu la salamu, mugonile, ambalo hata mgeni wa jana analijua. Kwa vijana pia alitaka kusema "vijana wetu wenye nguvu." Sanga akasema, "Hiyo ukiisema tutajua mnataka kutubebesha magogo." "Si ndiyo nataka?" "Ndiyo, lakini usianze nayo!" Basi ikatoka na hiyo. Nakwambia, hakuna neno lililobaki kwenye ile hotuba ambalo halikupita kwa bibi na kwa Sanga. Bibi alikuwa haijui kambi, Sanga hajui jikoni kwetu, na wote wawili walikuwa wanakubali maneno yale yale. Mimi nilianza kuamini daraja.

Siku yenyewe mvua ilitupa nafasi kidogo. Mama alichagua saa ambayo vijana wameshatoka shambani na wazee hawajaanza kusinzia, kabla gari la chai halijaja kuchukua magunia. Banda lilijaa mpaka watoto tulikaa juu ya magunia tuliyokatazwa kukalia, joto la majani likitupanda kutoka chini. Wazee upande wa mizani, makoti, fimbo. Babu mbele yao, katikati, uso kama jiwe la kusagia. Vijana upande wa mlango, wanasukumana, wananong'ona. Mama aliingia na kanga kichwani, akapita nyuma ya mizani, kichwa chini, akatokea katikati, akasimama na mgongo kwa wazee. Kijana mmoja wa kambini akasema kwa sauti, "Mbona anawapa wazee mgongo?" Sanga akampiga kiwiko, "Nyamaza, baba mkwe wake huyo." Ikapita kutoka benchi hadi benchi, baba mkwe, baba mkwe, na wakaanza kutulia kwa kutaka kuona.

Mama hakupaza sauti. Aliituma mbali, kama anayemwita mtu ng'ambo ya shamba.

"Wazee wangu, mugonile."

Nyuma yake wakaitikia wote, sauti nzito.

"Shikamooni wazee wangu. Shikamooni mama zangu. Vijana, hamjambo?"

"Hatujambo, Mama Tumpe! Chakula kipo?"

"Kipo, lakini leo si cha bure." Wakacheka, hata wazee wawili watatu nilisikia wakicheka, na mama akangoja kicheko kiishe. Hilo nalo alilipanga: ukisema watu wakicheka, maneno yako yanapotea. "Asanteni kwa kuja. Mmetembea na tope, nimeona miguu yenu. Karibuni bandani. Aliye na mtoto mdogo akae karibu na ukuta, pale hapavuji. Maji ya kunywa yako kwenye ndoo ya kijani. Mvua ikipiga bati, anayesema anyamaze, tusubiri ipungue, ndipo aendelee. Tusije tukaitikia jambo tusilolisikia." Watu wakasema, "Kweli." Nilimwona bibi akitingisha kichwa, kila neno lake lipo. "Sasa, kabla sijaendelea, mwenyekiti atutajie mzee wetu."

Mwenyekiti akasimama. Na hapo mlangoni, dakika ile ile, akaingia bwana shamba kutoka mjini, ambaye hakuna aliyemtegemea, na viatu vya mpira vipya vinang'aa. Mwenyekiti akaviona viatu. Uso wake ukafunguka wote. "Ndugu wananchi, tumepata bahati! Bwana shamba wetu amefika! Tumpigie makofi!" Makofi yakapigwa. Akamtaja na karani wa mizani, akamtaja na dereva wa gari la chai ambaye hakuwepo, akatafutia mgeni kiti, akaketi mwenyewe, anatabasamu. Jina la babu lilikuwa limebaki hewani bila mtu wa kulishika. Mama alikuwa amegeukia vijana, hakuona kitu. Mimi niliona. Babu aliwatazama wale waliopiga makofi, akashika fimbo yake kwa mikono miwili, akanyanyuka.

Ko. Fimbo ikagonga sakafu ya saruji. Ko.

Mama aliinua kichwa. Hakuna mtu mwingine bandani aliyeijua sauti ile kama yeye. Miaka yote ile alikuwa anaisikiliza kutoka migombani, akijua mzee anakuja au anakwenda, ana haraka au ana hasira. Hakuhitaji kugeuka. Alijua amesimama, na alijua anaelekea wapi, na wazee wengine nao walianza kukusanya makoti. Nilitaka kulia. Nilimwona mama akivuta pumzi ndefu, na bila kugeuka, bila kubadili sauti, akasema:

"Vijana. Subirini. Kuna mzee nyuma yangu hajakaribishwa. Mimi siwezi kumtaja. Siwezi kumgeukia nikamtazama. Ni baba wa mume wangu, na kwetu hiyo ndiyo heshima. Lakini ninyi hamkuolewa na mtoto wake!"

Banda likalipuka kwa kicheko. Akanyanyua mkono, kikakatika.

"Ninyi mna macho, mnamwona. Mna midomo. Jina lake mnalijua, maana mianzi mliyokata ni yake. Simameni mmkaribishe badala yangu."

Halafu Sanga akasimama, koti lake limechanika begani, akavua kofia. "Shikamoo, Mzee Gwakisa! Karibu, mzee wetu!" Na nyuma yake vijana wote wakasimama kwa pamoja, mabenchi yakaanguka, "Shikamoo, Mzee Gwakisa!" Bati lilitoa mwangwi. Watoto tukapiga kelele na sisi, mimi nikipiga kuliko wote, jina la babu yangu likizunguka banda zima, na mama yangu amesimama katikati yake midomo imefungwa.

Babu alibaki amesimama na fimbo yake. Alipofungua mdomo hakumwambia mama kitu, isingewezekana. Alimtazama Sanga.

"Marhaba. Wewe unayepiga kelele, ndiye uliyekata mianzi yangu?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Umeikata juu mno. Mwanzi unakatwa chini, karibu na ardhi, juu kidogo ya fundo. Ukiacha kisiki kirefu maji yanaingia, shina linaoza. Nani alikufundisha kukata?"

"Hakuna, mzee. Tulikuwa na haraka."

"Haraka. Na mto ukawasubiri?"

Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Sanga akacheka, akasema, "Haukutusubiri, mzee. Tusamehe. Tulipaswa kuja kwako kwanza." Babu akasimama kidogo tena, kama anayesikiliza mvua iko wapi. Kisha akaketi. Wazee wengine wakaketi. Akasema kwa mtu yeyote, akiangalia juu ya paa, "Mwambieni huyo mama aendelee."

Watu kama kumi wakamwambia mama kwa pamoja, "Umeambiwa uendelee!" Na yeye akaendelea pale pale alipoachia, kama mtu aliyeweka kisu chini akakiokota. "Tumekuja kwa jambo moja. Daraja. Mto umechukua la zamani, tunataka jipya. Wazee wana miti na wanajua mto. Vijana wana mikono. Watoto wana shule. Atasema mzee mmoja, kisha kijana mmoja, hivyo hivyo mpaka tumalize. Gari la chai likifika tuwe tumeshaelewana. Karibuni. Mwenyekiti, karibu." Akatoka kupitia nyuma ya mizani, kichwa chini, alivyoingia. Ilikuwa imekwisha. Muda ule ungetosha kumenya ndizi za sufuria moja ndogo.

Miti ilianguka wiki ile ile. Babu mwenyewe alisimama na fimbo akionyesha upande wa kuangukia, na Sanga alikata mianzi chini, karibu na ardhi, babu akiinama kukagua kila kisiki. Kuvuta magogo yale kuyavusha mto kulikuwa na nyimbo za makabila yote, na chakula alipika mama. Siku nilipopita juu ya daraja na mkoba wangu nilikimbia, nikarudi, nikakimbia tena. Kati ya babu na mama hakuna neno lililopita, si siku ile wala baadaye. Ila kitu kimoja kilibadilika, na bibi ndiye aliyenionyesha. Tangu hapo babu alianza kugonga fimbo yake tangu mbali, kule kwenye mibuni, taratibu, ili mama apate muda wa kuepua chungu kabla hajaondoka. Ugali haukuungua tena.

Mwezi uliopita mtaa wetu hapa Ibighi ulikuwa na mkutano wa mtaro. Mvua inashuka kutoka juu, inaingia nyumbani kwa watu. Wakaniomba mimi nikaribishe. Mjukuu wangu Lugano akaniandikia hotuba kwenye simu, akanisomea: "Ndugu wadau, itifaki imezingatiwa." Nikamuuliza, "Huyo itifaki ni nani, na nani amemzingatia?" Akasema, "Bibi, ndiyo wanavyosemaga, iko freshi." Nikamwambia aifute. Nikamweka chini akamenye ndizi na mimi. Jirani yangu mzee alishika nafasi ya bibi, Lugano akawa Sanga. Nilipotaka kuanza kuwasema vijana na simu zao, Lugano akasema, "Bibi, hapo umetupoteza." Nikairudisha ndizi kwenye mkungu.

Mkutano ulikwenda vizuri. Mtaro unachimbwa, wazee wametoa njia kwenye viwanja vyao, vijana wanachimba, na kelele zao nazisikia hapa ninapoandika. Sitasema zamani ilikuwa bora. Mkwe wangu Neema anakula na mimi meza moja, mume wangu alipokuwa hai alimpakulia yeye kwanza, na sioni aibu hapo. Mama yangu alipoteza miaka mingi migombani. Lakini nilikuwa nikijiambia kwamba siku hizi tunatazamana sana na kusikilizana kidogo, kwamba hakuna tena mtu anayejua fimbo ya mwenziwe. Nilikuwa nikisema hivyo, na nilikuwa tayari kuyaandika hapa.

Sasa siku ile ya mtaro nilichelewa. Ukumbi ulikuwa umejaa, spika inakoroma, vijana wanacheka, na Neema alikuwa mbele kabisa anamimina chai, amenipa mgongo. Nikaingia kwa mlango wa nyuma na fimbo yangu ya kutembelea. Ko. Ko. Neema hakugeuka. Aliendelea kumimina, akasema kwa sauti ya kutuma mbali, "Mpisheni mama, kiti chake ni kile cha dirishani." Watu wakapisha. Nilipita katikati yao, nikijiona mtoto aliyekaa juu ya gunia, nikasimama mbele, nikafungua mdomo.

"Wazee wangu, mugonile."